Ritani 14, faili 5

Jumatatu ya tarehe 13 Mei 2024 nilifika ofisini saa mbili kasorobo asubuhi. Ofisi yetu ni ya watu sita, ipo Kariakoo, na kazi yake ni kutunza vitabu vya hesabu vya maduka na wauzaji wa jumla. Mwezi ule tulikuwa na wateja 14 waliosajiliwa VAT. Tarehe 20 ya kila mwezi ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani ya mwezi uliotangulia, kwa hiyo tulikuwa na siku saba mkononi, na hesabu za Aprili zilikuwa zimekamilika kama nusu hivi.

Siku moja kabla, Jumapili, mikongo miwili ya intaneti ya baharini inayohudumia pwani yetu, EASSy na Seacom, ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Upande wa kaskazini nako hakukuwa salama, maana Seacom ilikuwa tayari imeumia kwenye Bahari ya Shamu tangu Februari. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigwa zaidi. Ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam ulifunga milango kwa wateja kwa sababu ya mtandao. Sisi wadogo tulikuwa na swali moja tu: faili zetu ziko wapi?

Nilidhani najua jibu, kwa sababu kompyuta ndiyo kazi yangu pale. Nilifungua folda ya wateja kwenye laptopu yangu na majina yote 14 yalikuwepo, yamepangwa vizuri, kila moja na tarehe yake na ukubwa wake. Nikabofya la kwanza. Duara likazunguka, likazunguka, kisha ukaja ujumbe kwamba faili haipatikani. La pili vilevile. Kati ya 14 yalifunguka matano.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki, na nitakaa hapo kidogo. Programu za kuhifadhi faili kwenye wingu, kama hazijapewa maelekezo mengine, haziweki faili zote kwenye mashine yako. Zinaweka majina. Unaona jina, aina na ukubwa, lakini yaliyomo yako kwenye seva ng'ambo, na huletwa pale tu unapobofya. Ni mpango mzuri kwa laptopu yenye diski ndogo, na siku intaneti ni nzima huwezi kuona tofauti. Yale matano yalifunguka kwa sababu niliwahi kuyafungua kwenye mashine hiyohiyo siku za karibuni, nakala zake zikabaki. Yale tisa niliyafanyia kazi mwisho kwenye kompyuta ya mezani, au aliyafanyia kazi mwenzangu, kwa hiyo kwangu yalikuwa majina matupu.

Alama zipo wazi kabisa, ila hakuna aliyetufundisha kuzisoma. Kwenye OneDrive, wingu la buluu pembeni ya jina maana yake faili haipo hapa. Duara jeupe lenye tiki ya kijani maana yake ipo kwa sasa, lakini Windows inaweza kuiondoa kupata nafasi. Duara la kijani lililojaa lenye tiki nyeupe ndilo pekee linalosema faili itabaki hapa mpaka wewe mwenyewe useme vingine. Kwa Google Drive kwenye kompyuta, kila kitu kinategemea uchaguzi uliofanywa siku ya kuisimika: `Stream files` huleta majina, `Mirror files` huleta faili zenyewe.

Mama, mwenye ofisi, alikuja saa tatu. Nilimweleza, akaniuliza swali ambalo nilipaswa kuwa nimejiuliza mwenyewe: "Mwanangu, na kwenye mashine yangu yapo mangapi?" Tulikwenda kuangalia. Yalikuwepo matatu ambayo mimi sikuwa nayo. Tulipita mashine zote, hatukupata jingine. Jumla ikawa vitabu 8 kati ya 14.

Karani wetu akakumbuka kwamba Ijumaa alinakili folda nzima kwenye flashi. Tulifurahi kwa dakika mbili. Faili sita zilizobaki zilikuwa kwenye flashi kweli, lakini kila moja ilikuwa na uzito chini ya KB 1. Jedwali la Google lililotengenezwa ndani ya kivinjari halina faili kamili kwenye kompyuta. Kinachoonekana kwenye folda, chenye mwisho wa `.gsheet` au `.gdoc`, ni anwani tu ya kulifikia jedwali lililo ng'ambo. Ukikinakili, umenakili anwani. Tangu siku ile, nikikabidhiwa flashi ya bakapu, kitu cha kwanza ninachotazama ni safu ya ukubwa wa faili, kabla hata ya majina. Kitabu cha hesabu cha mwezi mmoja kwa duka la kawaida hakiwezi kuwa na KB 1.

Mtandao wenyewe haukuwa umekufa kabisa. Ulikuwa unapitisha kidogo, hasa usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Lakini hata hicho kidogo tulikuwa tunakipoteza bila kujua. Programu ya wingu kwenye kompyuta ya mezani ilikuwa na foleni ya picha za risiti zilizoskaniwa, zaidi ya GB 1, na kila njia ilipofunguka yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuparamia. Kitabu tulichokihitaji kilikuwa na KB 400 tu. Jumanne usiku nilisimamisha programu hiyo kwenye mashine zote, nikabaki na laptopu moja, nikaingia kwa kivinjari na kuomba faili mojamoja. Saa nane usiku nilipata mbili. Zikabaki nne.

Hizo nne tulizijenga upya kutoka kwenye karatasi. Upande wa mauzo haukutusumbua, kwa sababu mashine ya EFD hutoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo, kila siku, na wateja wetu huzileta zimebanwa pamoja. Manunuzi ndiyo yalikula muda: risiti moja baada ya nyingine, namba ya mlipakodi, tarehe, kiasi kabla ya kodi, kodi. Watu wawili walitumia siku mbili na nusu kwa wateja wanne.

Kuwasilisha kwenyewe kulifundisha jambo jingine. Tovuti zilizo kwenye seva za hapahapa nchini hazihitaji kuvuka bahari. Mawasiliano yake yanaweza kupita kwenye kituo cha ndani cha kubadilishana data, ambacho kwa Dar es Salaam kinajulikana kama TIX. Kwa hiyo siku mkongo umekatika, usikate tamaa na kila kitu kwa kuwa barua pepe yako haifunguki. Pima. Andika `ping` na anwani ya tovuti ya ndani, kisha ya nje, uone ipi inajibu. Lakini tovuti ya ndani nayo inaweza kuonekana imeharibika, kwa sababu ukurasa wake unaomba mwandiko au kipande cha programu kutoka ng'ambo. Mara nyingi ukisubiri, inakata tamaa na hicho kipande na fomu inajaa. Nywila za wateja nazo zilikuwa kwenye jedwali, na jedwali lilikuwa kwenye wingu. Tuliwapigia wateja simu mmoja mmoja kuwaomba, jambo ambalo si la heshima kwa ofisi inayolipwa kuzitunza.

Ritani zote 14 ziliingia kabla ya siku kwisha tarehe 20. Ya mwisho iliingia saa tano usiku, na kabla ya kuingia ilikaribia kwenda na kosa. Nitalirudia hilo.

Mikongo ilitengemaa mwishoni mwa mwezi. Tulikaa kikao, na Mama akakataa pendekezo langu la kwanza. Nilitaka kila mashine ihifadhi kila kitu. Alisema hivi: "Ukiniambia vyote ni muhimu, maana yake hujui kipi ni muhimu." Alikuwa na haki, hata kwa hesabu ya diski. Folda yetu nzima ilikuwa GB 90, laptopu mbili zina diski ya GB 128, na Windows yenyewe inakula sehemu kubwa.

Kwa hiyo tuliuliza: tukikosa wingu kwa siku tano za kazi, nani atatudai nini? TRA itadai ritani. Wateja watadai hati za mishahara na ankara. Benki inaweza kudai taarifa ya mteja anayeomba mkopo. Kila faili iliyojibu mojawapo ya hayo iliingia kwenye folda moja tuliyoiita `SIKU_BILA_WINGU`: vitabu vya mwaka huu vya kila mteja, ritani za miezi mitatu iliyopita zikiwa PDF, fomu tupu za ankara na mishahara, orodha ya simu na namba za walipakodi, na sanduku la nywila la KeePass, ambalo ni faili moja iliyofungwa kwa neno la siri na hufunguka bila intaneti. Picha za risiti za miaka ya nyuma zilibaki kwenye wingu. Folda ile ilitoka na MB 640.

Majedwali yaliyokuwa yakiishi ndani ya kivinjari tuliyageuza kuwa `.xlsx`. Tulipoteza urahisi wa watu wawili kuandika kwa pamoja kwenye ukurasa mmoja, na baadhi yetu tuliona uchungu. Mimi naona bei hiyo inalipika kwa vitabu vya kodi. Kwa majedwali mengine tuliacha yalivyo.

Folda hiyo tuliifunga kwenye kila laptopu inayotumika kila siku ili isiondolewe. Unaweza kubofya kulia na kuchagua `Always keep on this device`, au kwa Windows ukaandika amri moja:

```
attrib -U +P "C:\Users\Ofisi\OneDrive\SIKU_BILA_WINGU\*" /S /D
```

Hiyo inatosha kwa siku mkongo ukikatika, lakini haitoshi siku mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, kwa sababu kufuta nako husafiri: ukifuta kwenye mashine moja, zote zinafuta. Ndiyo maana kuna nakala ya pili isiyounganishwa na wingu. Kila Ijumaa jioni karani anachomeka diski ya nje na kuendesha rclone, programu ya bure inayozungumza na huduma nyingi za wingu:

```
rclone copy wingu:SIKU_BILA_WINGU E:\2024-06-14
```

Neno `wingu` ni jina tulilolipa akaunti yetu wakati wa kuisimika, na tarehe hubadilika kila wiki. Tulichagua `copy` na si `sync`, kwa sababu `sync` hufuta kule inakopeleka chochote kilichokosekana kule inakotoa. Uzuri mwingine ni kwamba rclone, ikikutana na jedwali la Google, huligeuza kuwa `.xlsx` halisi badala ya kuleta ile anwani tupu. Diski imefungwa kwa BitLocker na hulala nyumbani kwa Mama. Ndani yake kuna mishahara ya watu na namba zao, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini. Diski iliyopotea bila kufungwa ingekuwa msiba mkubwa kuliko mkongo.

Jumamosi moja ya Juni tulifanya jaribio. Nilizima ruta, tukazima data za simu, na kila mtu akapewa kazi tatu: fungua kitabu cha mteja fulani uongeze mstari mmoja, chapisha ritani ya Aprili, andika ankara. Tulijipa saa moja.

Kwanza printa ikagoma. Nilidhani tumegundua tatizo kubwa, kumbe kosa lilikuwa langu. Printa yetu inaunganishwa na laptopu kupitia ruta, na mimi nilikuwa nimeizima ruta. Mkongo ukikatika baharini ruta yako inabaki inawaka, na mashine za ndani zinaendelea kuonana. Jaribio la kweli ni kuchomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta na kuiacha ruta yenyewe. Nilipofanya hivyo printa ilirudi. Anayetumia printa inayopokea kazi kupitia seva za mtengenezaji wake ataliona tatizo halisi hapo, na dawa yake ni kuisimika upya kwa anwani ya ndani au kwa waya wa USB.

Lililotushtua kweli ni laptopu ya akiba. Ilikuwa kabatini tangu Aprili, tukiitegemea kama mkombozi. Ilifungua nakala ya zamani ya kitabu, lakini ikakataa kuandika. Leseni ya Microsoft 365 inatakiwa kuwasiliana na kwao angalau mara moja kila siku 30. Ikipita hapo unabaki na kusoma na kuchapisha tu. Mashine ya akiba isiyowashwa si akiba. Sasa inawashwa kila Jumatatu, inaachwa nusu saa kwenye mtandao, na tumeisimika pia LibreOffice, isiyomuuliza mtu ruhusa.

La tatu lilijificha zaidi. Kitabu cha mwagizaji mmoja wa vipuri kilikuwa kinachukua viwango vya dola kutoka kitabu kingine. Kilifunguka vizuri na namba zilionekana, lakini zilikuwa za mara ya mwisho kilipohifadhiwa, na onyo lake ni mstari mwembamba wa njano juu ambao wengi huufunga bila kusoma. Kwenye Excel, ukifungua `Workbook Links` sehemu ya `Data`, ambayo matoleo ya zamani huiita `Edit Links`, utaona orodha ya vitabu ambavyo kitabu chako kinavitegemea. Tulipita vitabu vyote 14. Viwili vilikuwa na utegemezi wa namna hiyo, na tulileta viwango ndani ya kitabu chenyewe.

Sasa lile kosa la tarehe 20 Mei. Katika siku zile za shida karani alikuwa akiandika kwenye nakala ya flashi aliyoihamishia kwenye folda ya wingu ya kompyuta ya mezani, nami nikiandika kwenye laptopu yangu, mteja yuleyule, kila mmoja akidhani anamsaidia mwenzake. Mtandao ulipopumua, programu ilipandisha zote mbili, na kwenye folda kukawa na vitabu viwili, kimoja kikiwa na jina la kompyuta limeongezwa mwishoni. Hivyo ndivyo programu hizi hufanya zikishindwa kuamua, haziunganishi yaliyomo. Tuliwasilisha kutoka kwenye kimoja, au tuseme tulikuwa tunakaribia. Mama alihesabu risiti za manunuzi zilizobanwa akapata 37, kitabu kikawa na 36. Iliyokosekana ilikuwa ya shilingi 1,260,000 kabla ya kodi. Kwa asilimia 18, mteja angelipa shilingi 226,800 zaidi ya alichodaiwa.

Kwa hiyo nusu ya mpango wetu wa sasa inahusu kurudi kwa mtandao, jambo ambalo sikulifikiria kabisa kabla. Wingu likipotea, programu ya wingu inasimamishwa kwenye mashine zote kabla ya mtu yeyote kuandika. Kila mteja ana mshikaji mmoja, na jina lake linaandikwa kwenye daftari la karatasi. Mwingine akitaka kuongeza kitu anampelekea mshikaji risiti mkononi. Mtandao ukirudi, programu inafunguliwa kwenye mashine moja, tunangoja imalize, kisha ya pili, na hivyo hivyo. Baada ya hapo tunatafuta kwenye folda majina yaliyojirudia. Yakiwepo, hakuna anayefuta mpaka wawili wamelinganisha jumla na idadi ya mistari.

Mpango huu ulikuwa na upungufu ambao tuliuona tarehe 20 Oktoba 2025, tena Jumatatu na tena siku ya ritani. Siku ile bahari ilikuwa shwari na intaneti yetu ilikuwa nzima. Kilichoanguka ni eneo la seva za Amazon huko Virginia linaloitwa `us-east-1`. Mfumo unaosimamia anwani za hifadhidata yao ya DynamoDB uligongana na nafsi yake: michakato miwili ya kujiendesha ilipishana vibaya na kuacha anwani ikiwa tupu. Kwa saa za kwetu ilianza muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi, na huduma zilirejea kikamilifu saa saba usiku. Huduma nyingi duniani zilizojengwa juu ya eneo hilo ziliyumba nalo.

Daftari letu lilikuwa linasema hatua ya kwanza ni kuangalia kama mtandao upo, na kama upo, kuendelea na kazi. Lilidhani njia ndiyo inayokatika. Mtoaji wa wingu akianguka, kubadilisha laini ya simu au kununua bando jingine hakusaidii, na mtu anaweza kupoteza asubuhi nzima akizima na kuwasha ruta iliyo nzima. Tulibadilisha ukurasa wa kwanza. Sasa unaanza na vipimo viwili: tovuti ya ndani inafunguka? Tovuti ya nje isiyohusiana na mtoaji wetu inafunguka? Zote zikifunguka na wingu letu halifunguki, tatizo ni la mtoaji, na tunahamia moja kwa moja kwenye `SIKU_BILA_WINGU` bila kungoja. Zote zikigoma, tunaanza na laini yetu wenyewe. Ya ndani ikifunguka na ya nje ikigoma, ni mkongo au njia ya kwenda nje, na hapo tunajiandaa kwa siku kadhaa.

Bado kuna lisilo na dawa kamili. Barua pepe mpya hazitufikii, na mteja anayetuma taarifa ya benki kwa njia hiyo tunamwomba ailete kwenye flashi au karatasi. Baadhi ya huduma hutuma namba ya uthibitisho kwa barua pepe, nayo hufika ikiwa imekwisha muda. Pale palipowezekana tumehamia kwenye programu ya simu inayotengeneza namba yenyewe, kwa kuwa hiyo inahitaji saa ya simu iwe sahihi tu, haihitaji intaneti. Na ritani tunazimaliza tarehe 17. Karani anaandika kwenye daftari saa iliyoingia ya mwisho. Mwezi uliopita aliandika saa tisa alasiri.